Jua la Upande wa Kushoto

Kazini wananiita Machweo. Studio yetu inapiga picha za harusi, na maharusi karibu wote hufika bustanini saa saba mchana, jua likiwa utosini, bwana harusi anatiririka jasho, bibi harusi amekunja uso kama aliyelamba ndimu. Baada ya wiki wanakuja kuulizia picha zenye mwanga wa dhahabu, ule wa jua linalokaribia kuzama. Mwanga huo haukuwepo. Walikuwa wameshaondoka kwenda kula. Hapo ndipo naitwa mimi niwatengenezee jioni ambayo hawakukaa kuiona.

Nimeifanya kazi hiyo miaka tisa, na sitajishusha: naiweza. Wapo wanaodhani ni suala la kupaka rangi ya chungwa juu ya picha na kwenda zako. Hao kazi zao unazitambua ukiwa mlangoni, watu wamekuwa wa manjano hadi meno. Mimi picha zangu zimetundikwa kwenye sebule za watu, na wenyewe wanaapa kwamba siku ile jua lilikuwa hivyo hivyo.

Nasema haya ili ieleweke kwamba kosa nililolifanya halikuwa la mtu asiyejua kazi.

Dada yangu alikuwa amefariki wiki tano zilizopita. Tulizaliwa wawili tu, yeye wa kwanza, mimi kitindamimba, na hadi nimeota mvi ya kwanza aliniita Kitinda. Tangu mazishi Mama alikuwa hasemi na mimi. Si kwamba alinifukuza. Alinifungulia mlango, akaniwekea chakula, na nilipomuuliza jambo alijibu ndiyo, hapana, sijui. Mwanzoni nilidhani ni msiba. Lakini nilimsikia akizungumza na majirani, hata kucheka kidogo, na nikiingia mimi midomo inafungwa. Mama aliniwekea kinyongo, na sikujua nimemkosea nini.

Mimi pia nilikuwa na kinyongo changu, nacho kilikuwa kwa marehemu. Dada aliumwa akanificha. Alianguka darasani akifundisha, akalazwa, na siku tisa baadaye tukamzika. Katika siku hizo tisa alikuwa hazungumzi cha maana kwa sababu ya dawa. Daktari ndiye aliyeniambia, pale kwenye korido, kwamba mgonjwa alikuwa akijua hali yake kwa muda. Nilisimama pale nikiwa na chupa ya uji mkononi, nikajiona mgeni katika familia yangu mwenyewe. Mtu aliyenifundisha kusoma saa, kufunga kamba za viatu, kudanganya kwa adabu, aliona sistahili kuambiwa.

Basi Jumatano moja, niko kazini, simu ikaita. Mama.

"Ile picha ya jioni mliyopiga na dada yako," alisema bila salamu. "Naitaka. Kubwa, niiweke sebuleni."

"Picha ya jioni?"

"Ile ya uani, kwenye benchi. Alisema ulimpiga jioni. Au hukumpiga?"

Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizonipa kwa wiki tano. Ningemwahidi hata picha ya mwezi.

"Nilimpiga, Mama. Nitakuletea Jumamosi."

Picha ilikuwepo. Ila haikuwa ya jioni.

Wiki tatu kabla hajaanguka, Dada alinipigia akasema njoo na kamera, unipige picha uani, lakini njoo jioni. Nikamwambia jioni hiyo sina nafasi, kuna albamu ya harusi inasubiriwa, nitakuja mchana. Nikafika saa sita kasorobo. Mama hakuwepo, alikuwa ametoka tangu asubuhi kwenda kwa shangazi. Dada alikuwa amevaa gauni lake la bluu lenye vifungo mbele, nywele amezifumua na kuzichana zikasimama, na benchi amelitoa barazani akaliweka katikati ya ua. Aliponiona alitazama juu, halafu akanitazama mimi.

"Nilisema jioni, Kitinda."

"Jioni nitaifanya kwenye kompyuta. Kaa."

"Unaweza?"

"Ndiyo kazi yangu. Kaa basi, nina dakika kumi."

Alikaa mwisho wa benchi upande wangu wa kulia nikimtazama, akaacha nafasi tupu kushoto. Nilipiga picha sita au saba. Katika zote amebana macho kidogo kwa sababu ya jua. Nilipoanza kufunga kamera alinishika mkono.

"Nenda kazini kwako, halafu rudi saa kumi na mbili jioni. Robo saa tu. Na humo nimeshakuwekea dakika nne za kuchelewa, maana nakujua."

Dada alikuwa mwalimu wa hesabu. Hata kuomba aliomba kwa hesabu. Nikacheka, nikamwambia wiki ijayo, nikampiga busu la haraka shavuni na kukimbia. Wiki iliyofuata kulikuwa na albamu nyingine. Iliyofuata pia.

Kwa hiyo Mama aliposema picha ya jioni, nilielewa hivi: Dada alimwambia kwamba Kitinda ataigeuza iwe jioni, na Mama akashika neno la mwisho. Sikuona sababu ya kumrekebisha. Nilimwahidi Dada jioni, na sasa Mama ananidai ile ile. Nikisema ukweli, huenda hata hiyo picha haitaki tena. Nikiifanya vizuri, huenda nikampata mama yangu.

Nilikaa chini Alhamisi asubuhi, nikafungua ile ambayo amebana macho kidogo kuliko zote.

Jua la mchana ni katili kwa uso wa mtu. Linapiga kutoka juu, macho yanazama kwenye vivuli viwili, pua inadondosha kivuli kwenye mdomo, paji linang'aa. Nilianza huko. Nilipunguza mwanga wa picha nzima, kwa sababu jioni haina ukali ule, nikatuliza paji na mabega, kisha nikainua vivuli vya machoni taratibu, kidogo kidogo, hadi macho yake yakanitazama. Hapo nilitoka nje nikaenda kunywa maji.

Nilirudi nikaweka joto. Kwanza picha nzima, kiasi tu, kama mtu anayeonja chumvi. Halafu gredienti, yaani rangi inayoanza ikiwa nzito upande mmoja na kufifia polepole mpaka inapotea upande wa pili. Na kabla hujaivuta hiyo lazima uamue jambo moja ambalo kila kitu kingine kitalifuata: jua linatoka wapi.

Kanuni ni kufuata nuru iliyopo. Hata mchana jua huwa limeegemea mahali. Katika picha ya Dada bega lililo kushoto mwa picha lilikuwa limeng'aa zaidi kuliko la pili, na kivuli kifupi chini ya benchi kilisogea kidogo kulia. Kushoto basi. Ukienda kinyume na nuru iliyopo utapigana na picha mpaka mwisho. Sikufikiri hata sekunde mbili. Nikavuta gredienti kutoka pembe ya juu kushoto, dhahabu iliyokolea ikishuka hadi kuwa ya pichi na kuishia katikati. Juu yake nikaweka nyingine ya mviringo, kitovu chake nje kidogo ya fremu, kama jua lenyewe liko pale na sisi hatulioni.

Lakini gredienti haina akili. Inapita juu ya kila kitu sawasawa, ukuta na mtu, ikafanya Dada aonekane yuko nyuma ya kioo cha rangi. Kwa hiyo unatengeneza barakoa: unachora umbo la mtu, palipo peupe rangi inaonekana, palipo peusi inafichwa. Nilimzunguka Dada kwa brashi ndogo, gauni, mikono, vidole. Mwanga ukabaki nyuma yake, kwenye ukuta na hewani, na yeye akasimama mbele yake. Upande wake ulio mbali na jua nikauacha na ubaridi wa bluu, kwa sababu jioni vivuli huwa vya baridi, na wasiojua hili ndio wale wa meno ya manjano.

Kivuli cha mchana chini ya benchi nilikifuta. Nikachukua umbo la Dada, nikalijaza giza, nikalilaza chini, nikalivuta kuelekea kulia, refu, kali karibu na miguu na likiyeyuka kadiri linavyokwenda mbali, mpaka likatoka nje ya picha.

Mwisho nikabakiza mwanga wa ukingoni. Huo ndio unaowafanya watu washike kifua. Jua la chini likimpiga mtu kwa nyuma na ubavuni, linamchora mstari mwembamba wa moto kwenye nywele, sikio, shavu, bega, upande ule wa jua tu. Unafungua tabaka jipya tupu juu ya picha, unachota rangi kutoka kwenye dhahabu yako mwenyewe ili vifanane, brashi nyembamba kabisa, unapita ukingoni, halafu kwa barakoa unaula kwa ndani mpaka ubaki uzi. Bega lilinichukua dakika ishirini. Nywele zilinichukua mchana mzima. Alikuwa na nywele za kutawanyika, kila kipande kinakwenda kivyake, na nilizipitia moja moja. Nilipokuwa mdogo yeye ndiye aliyekuwa akinisuka, akinipiga kwa chanuo nikitikisika. Sasa ilikuwa zamu yangu, na yeye hakutikisika.

Nililia, ndiyo. Lakini ilikuwa na hasira ndani yake. Nilikuwa nikimwambia kimoyomoyo: ungeniambia tu. Ningeacha kazi zote. Ungeniambia tu.

Ijumaa Bosi akapita nyuma ya kiti changu. Bosi ni mtu wa kusifia kwa kukohoa. Akakohoa.

"Hii si ya mteja."

"Dada yangu."

Alisogea karibu na kioo cha kompyuta. "Umefuata nuru. Safi. Ila hiyo nafasi tupu ya kushoto ingekatwa. Inavuta jicho."

"Iache," nilisema.

Aliiacha. Akaichapisha mwenyewe kwenye karatasi nzuri na kuiwekea fremu ya mbao, akasema asisikie habari ya malipo.

Jumamosi saa kumi alasiri nilifika nyumbani nikiwa nimeibeba kwa mikono miwili, imefungwa kwa shuka. Mama alikuwa sebuleni. Alikuwa ameshapigilia msumari ukutani, na nilipouona msumari ule moyo wangu ukapata nguvu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ifungue."

Nilifungua. Mama alivaa miwani yake, akaitazama kwa mbali, kisha akasogea. Aliweka kidole kwenye shavu la Dada, juu ya kioo, pale pale nilipopitisha ule uzi wa dhahabu.

"Mwanangu," akamwambia. "Umependeza, mwanangu."

Nikasema ndani yangu, sasa. Sasa atanitazama. Na kweli alinigeukia, na macho yake yalikuwa yamelainika, akafungua mdomo kuniambia jambo. Halafu akarudi kwenye picha. Akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya akisikia sufuria inafurika jikoni.

"Hili jua linatoka wapi?"

"Kushoto, Mama."

"Kushoto kwetu au kwake?"

"Kwetu. Huku." Nikaonyesha.

Mama alichukua fremu, akatoka nayo uani. Nikamfuata. Benchi lilikuwa katikati ya ua, kama Dada alivyoliacha. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulirudisha barazani. Aliiweka picha juu yake, akaiegemeza, akarudi nyuma hatua tano akasimama pale pale nilipokuwa nimesimama mimi siku ile. Akatazama kushoto. Nami nikatazama kushoto.

Kushoto kuna ghorofa la jirani. Ukuta wake umepanda orofa tatu, na umekuwepo tangu nikiwa darasa la kwanza.

"Nimeishi katika ua huu miaka thelathini na minne," Mama alisema taratibu. "Huko jua halijawahi kuchungulia. Hata asubuhi likija limeshapanda juu ya bati lao. Jioni jua linaingia hapa." Akanyoosha mkono kulia, kwenye mwanya kati ya ukuta wa jiko na tangi la maji. "Hapa tu. Hakuna pengine."

Nilikulia katika ua ule. Nilicheza pale kila jioni ya utoto wangu, nikipishana na Dada kuruka ule mstari wa mwanga. Na nilipoulizwa na kazi jua linatoka wapi, nilitazama bega kwenye kompyuta. Nilipiga picha kabla ya saa sita, jua halijavuka utosi, bado liko upande wa mashariki. Nilifuata nuru iliyopo kama inavyotakiwa, na nikamtengenezea Dada asubuhi. Asubuhi isiyowezekana, iliyopita ndani ya ghorofa la watu.

"Ulimpiga saa ngapi?" Mama aliuliza.

Ningeweza kusema uongo mwingine. Nilikuwa nao tayari mdomoni.

"Saa sita mchana. Kasoro kidogo."

"Na jioni?"

"Sikurudi, Mama."

Mama aliketi kwenye ngazi ya baraza. Hakuketi vizuri, aliketi kama mtu aliyesukumwa. Nikamwendea, akaninyooshea kiganja nisimame.

"Hukukaa naye."

"Dakika kumi. Nilikuwa na kazi."

"Kwa hiyo hakukuambia."

"Kuniambia nini?"

Alinitazama muda mrefu sana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tano kunitazama namna hiyo, na sikufurahi.

"Mimi siku ile nilikwenda kwa shangazi yako makusudi," alisema. "Yeye ndiye aliyeniomba. Aliniambia, Mama, niachie nyumba, nataka nimwambie Kitinda mwenyewe, tukiwa wawili. Nimwambie jioni, uani, jua linapoingia, asije akaogopa. Nikakaa huko mpaka usiku. Niliporudi nilimkuta kwenye hilo benchi, taa hajawasha. Nikamuuliza, umemwambia? Akasema, nimemwambia. Nikamuuliza, amesemaje? Akasema, amelia sana, halafu akanilalia begani mpaka jua likazama, halafu tukapiga picha."

Nilishika nguzo ya baraza.

"Akasema umeomba umuuguze, akakukataza, akakuambia maliza kazi zako kwanza. Mimi nikangoja. Wiki ya kwanza hukuja. Ya pili hukuja. Nikawa namtazama anavyokohoa huko chumbani, najiuliza, huyu mtoto wangu mdogo ana moyo wa namna gani? Anajua dada yake anakufa, na haji hata kumjulia hali? Nilitaka kukupigia, akanikataza. Kila siku ananikataza." Alivua miwani. "Nimekuchukia, mwanangu. Sitakuficha. Nimesimama kaburini nikakuchukia."

"Sikujua, Mama. Wallahi sikujua kitu. Mimi nilidhani alinificha."

"Hakukuficha," Mama alisema. "Alikungoja."

Kuna maneno ukiambiwa unaomba uambiwe mengine yoyote badala yake. Nilikaa chini pale pale kwenye saruji. Nilimwona akiwa na gauni lake la bluu, saa kumi na mbili, ameshatenga nafasi, anasikiliza geti. Nilimwona anasikiliza mpaka giza linaingia. Halafu anaingia mama yake, na badala ya kusema Kitinda hakuja, anabuni jioni nzima, na machozi yangu ndani, na kichwa changu begani kwake, ili Mama asinichukie. Na ni kwa jioni hiyo hiyo Mama akanichukia. Aliyenifundisha kudanganya kwa adabu mara hii alikosea hesabu.

Mama alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza mbele yangu tangu msiba. Nilimsogelea, na safari hii hakuninyooshea kiganja. Hakunikumbatia pia. Aliuweka mkono wake kichwani kwangu, mzito, akauacha hapo, na sikujua kama ni wa kunisamehe au wa kujishikiza. Mpaka leo sijamuuliza.

"Ametudanganya sote wawili," alisema baadaye, akijifuta kwa kanga. "Mwalimu mzima."

"Nitaibadilisha, Mama. Nitaileta ile ya mchana, kama ilivyo."

"Ya mchana ya nini? Yeye alitaka jioni." Alijipangusa pua. "Ila nitengenezee jioni ya hapa. Hii ya jirani siitaki."

"Basi inabidi nione jinsi mwanga unavyoingia."

"Ngoja uone."

Tukangoja. Mama aliingia ndani akatoka na chai, tukanywa. Nilitoa kamera mkobani nikaipanga. Saa kumi na mbili ilipofika hakikutokea kitu, ua ulikuwa wa kijivu tu, ghorofa limetunyima anga. Mama akainua ile fremu kutoka kwenye benchi, akaiegemeza ukutani, akaenda akaketi mwisho wa kulia, alipoketi Dada.

"Nipige mimi. Uone linapomgusa mtu."

Na jua likaingia. Lilipita kati ya jiko na tangi, chini kabisa, likakata ua kwa mstari mmoja, na kitu cha kwanza kulipokea kilikuwa ule mwisho wa kulia wa benchi. Likamwashia Mama shavu la upande huo, sikio, ncha za kanga. Ndiyo maana Dada alikaa pale siku ile. Hakukaa pale kwa bahati. Nilibonyeza kamera mara moja.

"Njoo ukae," Mama alisema.

"Nikuone kwanza vizuri, Mama."

"Kamera iache. Njoo ukae."

Niliiweka kamera juu ya ngazi, nikaenda nikakaa upande wa kushoto wa benchi, kwenye nafasi ile ambayo Bosi alitaka kuikata. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nitalazimika kulichora kwa mkono wangu mwenyewe. Jua likiwa kulia, kivuli cha anayeketi pale hakitoki nje ya picha. Kinalala kushoto, juu ya mbao za benchi. Kivuli cha Mama kilikuwa kimelala mapajani mwangu, kizima, na nilihisi ubaridi wake. Cha Dada kitalala kwenye nafasi tupu.

Nilimlalia Mama begani, sijui kama kwa ajili yangu au kwa ajili ya ile hadithi, ili angalau mara moja iwe imetokea. Aliniacha. Mwanga ulipanda kwenye kifua chake, kwenye shingo, kwenye paji, ukapita juu ya nywele zake nyeupe, ukakaa ukutani kidogo, ukaondoka.

"Basi," Mama alisema.

Nilinyanyuka nikachukua kamera, nikapiga ua ukiwa umerudi kuwa wa kijivu, kwa mazoea tu, ili nijue mwisho wake. Halafu nikatazama muda kwenye picha mbili zile. Ya kwanza saa kumi na mbili na dakika saba. Ya mwisho saa kumi na mbili na dakika kumi na nane.

Dakika kumi na moja. Nikaongeza nne zangu za kuchelewa. Robo saa kamili, kama alivyoniomba.